Radhi ya Touria

Kwa miaka arobaini na miwili watu wa Sefrou, mji mdogo wa Moroko, walimwuliza Touria mambo mengi, ila hakuna aliyemwuliza anataka nini. Walimwuliza vifungo vya bibi harusi vimefika vingapi. Walimwuliza mama yake ameamkaje. Na wanawake wa hamamu, wakishamimina ndoo ya mwisho na kukosa la kufanya na midomo yao, walimwuliza, "Na wewe, Lalla Touria, bado tu?" Hilo lilihusu mume. Touria alikuwa na jibu lake: "Bado namtafuta anayejua kufua." Wakacheka, akajifunga taulo, akaenda zake.

Kazi yake ilikuwa vifungo vya jelaba, lile vazi refu lenye kofia, vile vya uzi wa hariri vinavyofumwa kwa sindano mpaka viwe kama mbegu ndogo ngumu. Kwa siku alitoa arobaini, hamsini akiwa na hasira. Alikaa kwenye godoro chini ya dirisha, uzi umefungwa kidoleni, shavu moja limejaa kijiti cha urukususu, ule mzizi mtamu unaouzwa na wauza dawa za miti. Wengine wana sigara. Touria alikuwa na mzizi wake, ameutafuna tangu usichana, na meno yake yalikuwa na rangi ya mlango wa zamani.

Mdogo wake, Hafid, alikuwa mwokaji wa tanuri la mtaa. Asubuhi nyumba zote zilimpelekea mikate kwenye mbao, naye aliujua mkate wa kila nyumba kwa sura. Mkate wa mke wa mwalimu aliuita "mwezi uliokatwa," ule wa hajati wa pembeni aliuita "gurudumu." Kisha, alipofika miaka thelathini na mmoja, vichujio vya figo zake vikavimba na kufa, na mwokaji akawa mtu wa mashine. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake ilitolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Maji aliruhusiwa glasi tatu kwa siku. Mwokaji! Mtu anayesimama mbele ya moto tangu alfajiri, glasi tatu. Alikuwa anafunga kitambaa kilicholowa shingoni na kuwaambia wateja, "Nyinyi mnakunywa kwa mdomo, mimi nakunywa kwa shingo." Walicheka. Touria, aliyekuwa anampelekea kifungua kinywa, ndiye aliyeona jinsi alivyokuwa anaitazama birika ya chai kama mtu anavyomtazama mchumba wa mwenziwe.

Miaka miwili ikapita hivyo. Ndipo madaktari wa Fes, mji mkubwa wa jirani, wakasema anahitaji figo ya mtu mwingine.

Mama yao, Mahjouba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na presha ya kupasua dari. Nesi alimshukuru na kumpa kiti. Kaka mkubwa, Jilali, alikuja kutoka Oujda na mkewe, madaktari wakampima, wakamkuta na sukari ambayo hata yeye hakujua anayo. Alirudi Oujda amenyong'onyea, amebeba karatasi ya vyakula alivyokatazwa. Sheria ya nchi yao haikubali figo ya mtu baki kutoka kwa mtu aliye hai. Ni damu yako, au mume au mke wa nikaha iliyotimiza mwaka. Hafid hakuwa na mke. Basi macho yote nyumbani yakageuka taratibu, kama feni, mpaka yakatua kwenye godoro chini ya dirisha.

"Mwanangu," alisema Mahjouba, "Hafid ni ini langu."

"Na mimi ni nini, utumbo?"

"Usinifanyie mchezo. Wewe huna mume, huna mtoto. Figo mbili unamfanyia nani?"

Touria alivuta uzi kwa meno. "Mama, na wewe una mapaja mawili na huendi popote, mbona sijakuomba moja?"

Mahjouba akalia. Halafu akasema lile neno ambalo kwao halina mchezo. "Ukimpa ndugu yako, nitakupa radhi yangu. Radhi kamili, ya dunia na ya kaburini."

Kwao mtu akiegesha gari vizuri husema ni radhi ya wazazi. Akipata kazi, radhi ya wazazi. Akivuka barabara asigongwe, ni hiyo hiyo. Hakuna anayekataa radhi. Touria akasema, "Haya," na akaendelea na kifungo.

*

Hospitali ya Fes walimpa daktari wake mwenyewe, Daktari Lazrak, mzee mwembamba mwenye fulana ndani ya koti la kazi. Kitu cha kwanza alichomwambia kilimshangaza. "Mimi si daktari wa Hafid. Hafid ana daktari wake. Mimi kazi yangu ni wewe tu. Nikiona jambo hili litakuumiza, nitalizuia, hata ndugu yako alie mlangoni."

Wakaanza kumpima. Kundi la damu: sawa. Damu yake ikachanganywa na ya Hafid kwenye vichupa kuona kama zitagombana: hazikugombana, japo wenyewe waligombana siku ile ile juu ya nani akae dirishani kwenye teksi. Daktari alichimba historia ya ukoo wote mpaka Touria akadhani anaposwa. Nani mwingine aliwahi kuugua figo? Hakuna. Ugonjwa wa Hafid si wa kurithi, akasema, lakini ni lazima tuwe na hakika, kwa sababu kuchukua figo kwa mtu anayekuja kuumwa ugonjwa ule ule ni kuwafanya wagonjwa wawili. Wakampima sukari, moyo, mapafu, matiti, na kwingine ambako Touria hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Wakampa dumu akusanye mkojo wa saa ishirini na nne. Aliliweka kivulini juu ya paa, jirani akalichungulia na kusema, "Mafuta yenu ya zeituni mwaka huu yametoka membamba."

"Yaonje," alisema Touria.

Baada ya vipimo hivyo akaitwa na Siham, nesi mratibu wa mambo ya figo. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mahjouba aliingia naye, akakaa kiti cha mbele.

"Una mpango wa kuzaa?" Siham alimwuliza Touria.

"Azae na nani?" alijibu Mahjouba.

Siham akavua miwani. "Hajati, pale nje kuna kiti kizuri kuliko hiki."

"Hiki kinanitosha."

"Kile kiko karibu na chai."

Mahjouba akatoka. Siham akafunga mlango, akarudia swali lake kama vile halijawahi kujibiwa. Alieleza kwamba mwanamke aliyetoa figo anaweza kuzaa, ila akibeba mimba hatari ya presha ya ujauzito inaongezeka, karibu mara mbili, kwa hiyo anahitaji kujua kabla. Touria alisema hajui. Hakuwahi kujiuliza. Siham aliandika: *hajui*, na akamwambia hilo nalo ni jibu.

"Sasa sikiliza hatari zenyewe," alisema, "na usitikise kichwa kama hujaelewa. Watu wanatikisa kichwa hapa kama vile wako harusini."

"Sema."

"Katika watu elfu kumi wanaotoa figo, watatu hivi hufa kwa sababu ya operesheni."

Touria alifikiria vifungo. Elfu kumi ni kazi ya karibu mwaka mzima. Akaviona vyote kwenye beseni, na vitatu kati yake vyeusi. "Endelea."

"Wengine hutoka damu, hupata maambukizi, damu kuganda mguuni, maumivu kwenye kovu. Wengi hupona. Figo inayobaki hujitanua kidogo, ifanye kazi zaidi, lakini haifikii mbili. Utabaki na kama theluthi mbili ya nguvu uliyonayo leo. Inatosha kuishi miaka yako yote. Ila katika elfu kumi waliotoa, baada ya miaka kumi na mitano, thelathini hivi figo yao hiyo moja imeshindwa. Watu wenye afya kama wao ambao hawakutoa, ni wanne hivi."

"Thelathini na wanne."

"Thelathini, na wanne. Bado ni wachache, lakini si sawa. Na presha nayo inaweza kupanda mapema kuliko ambavyo ingepanda. Ndiyo maana kila mwaka, mpaka kufa kwako, utakuja tupime presha, damu na mkojo. Zile dawa za maumivu ya mgongo unazomeza ukimaliza oda, ibuprofeni na ndugu zake, basi."

"Nani kakwambia nazimeza?"

"Wewe ni mfuma vifungo. Hajawahi kuja hapa mfuma vifungo asiyezimeza." Siham akasogeza kiti. "Na figo yenyewe inaweza kukataliwa na mwili wa Hafid. Nyingi zinadumu miaka mingi, kumi na mitano, ishirini, lakini nimeona iliyokufa wiki ya kwanza. Ikitokea hivyo, utaweza kuishi bila kumchukia?"

"Namchukia tayari, alivyo na kisirani asubuhi."

Siham alitabasamu, akaliandika na hilo.

"Jambo la mwisho," alisema nesi kwa sauti ya chini. "Ukitaka kuacha, wakati wowote, hata ukiwa umeshavaa gauni la operesheni, unaniambia. Sisi tutaitangazia familia neno moja tu: hafai. Hatusemi kwa nini. Hakuna atakayejua, si mama yako, si Hafid. Mlango huo nauacha wazi mimi mwenyewe."

Touria aliliweka neno hilo mfukoni. Hafai. Lilikuwa neno dogo, lepesi, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze alihisi mfuko wake una kitu.

*

Halafu, bila yeye kusema lolote, lile neno likaja lenyewe. Presha yake ilikuwa mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Wakapima tena. Wakamfunga kifaa cha mkononi siku nzima, kikawa kinamminya mkono kila nusu saa wakati anafuma, akaharibu vifungo sita. Presha ilibaki juu. Na potasiamu ya damu ilikuwa chini. Daktari Lazrak alikuna kidevu. Alimwuliza kama anakunywa dawa za kukojoza, kama anatapika, kama anaharisha. Akamwuliza kuhusu dawa za miti. Touria alisema hapana. Hakudanganya. Kwake dawa ya miti ni ile inayochemshwa na kuwa chungu.

"Basi pole, Lalla Touria," alisema daktari. "Kwa presha hii sikuruhusu. Tutatafuta sababu, tutakutibu. Lakini figo hutoi."

Akashuka ngazi. Ghorofa tatu. Alifika kwenye geti la hospitali, akasimama kwenye jua, na akahisi mwepesi kama mtu aliyevuliwa mzigo kichwani. Amejitolea, amekataliwa, si kosa lake. Radhi ataipata hata hivyo, maana nia alikuwa nayo. Mama hataweza kusema neno. Akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta nauli, vidole vikagusa kijiti chake. Akakitia mdomoni kwa mazoea, akauma, ule utamu ukamjaa.

Akaacha kutafuna.

Daktari alisema *miti*. Na huu ulikuwa nini, nyama?

Watu wa teksi walikuwa wanaita, "Sefrou mmoja! Sefrou mmoja na tunaondoka!" Alikuwa yeye huyo mmoja. Alisimama pale kwa muda wa kumaliza kifungo kimoja. Kisha akageuka. Alizipanda ghorofa tatu na mwili wake wa kukaa godoroni, akafika mlangoni kwa Daktari Lazrak anahema kama mbuzi wa sikukuu, akamwonyesha kijiti kilicholowa mate.

"Na hiki je?"

Daktari alikiangalia. "Unatafuna kiasi gani?"

"Siku nzima. Na tangu nianze kuja kwenu, nachemsha na kunywa. Muuza dawa alisema unasafisha figo. Nilitaka niitoe ikiwa safi."

Daktari Lazrak alikaa chini. Alicheka mpaka akatoa kitambaa. "Lalla Touria, urukususu unapandisha presha na kushusha potasiamu. Umekuwa ukinywa kitu cha kuizuia operesheni yenyewe! Acha. Vyote. Hata pipi zake. Rudi baada ya wiki sita."

Wiki sita zile zilikuwa mbaya. Alitafuna karafuu, akatafuna ncha za uzi, akawatafuna watu. Hafid alikuwa anapita na mkate na kuuliza, "Leo anauma?" kabla hajavua viatu. Kwa nini ameacha mzizi wake, Touria hakumwambia mtu. Aliporudi, presha ilikuwa mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Wakamfunga tena kifaa kile, siku nzima, shwari. Potasiamu ilikuwa mahali pake. Picha ya mishipa ikaonyesha figo ya kushoto ina mshipa mmoja mrefu mzuri, ndiyo watakayoichukua. Jopo la madaktari likakaa na kusema: anafaa.

Touria alilisikia neno hilo na kuhisi mfuko wake umekuwa mtupu tena.

*

Ikabaki mahakama. Kwao figo haitoki kwa mtu mpaka akasimame mbele ya rais wa mahakama, pamoja na madaktari wawili, akaseme kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Mahjouba alimvalisha jelaba ya kijani, akampulizia maji ya maua, na mlangoni akamwekea mkono kichwani. "Radhi yangu juu yako, mwanangu. Radhi kamili."

Rais wa mahakama alikuwa na sauti ya taarifa ya habari. Madaktari walieleza operesheni na hatari zake upya, mbele yake, taratibu. Kisha akamgeukia Touria kwa Kiarabu cha vitabuni, kile ambacho mtu anakisikia redioni na kwenye barua za shirika la umeme.

"Je, radhi ipo?"

"Ipo, bwana hakimu," alijibu Touria bila kusita. "Kamili. Mama amenipa asubuhi hii, mlangoni."

Karani akakohoa ndani ya ngumi. Daktari mmoja akatazama viatu vyake. Rais wa mahakama hakucheka.

"Sikuulizi aliyokupa mama yako. Nakuuliza ya kwako. *Wewe* uko radhi?"

Touria alifungua mdomo. Ulimi wake ulikuwa na majibu ya watu wote: la mama, la Jilali, la wanawake wa hamamu. Alitafuta lake na hakujua liko rafu gani.

"Mimi...?" alisema mwishowe.

Rais wa mahakama akafunga faili polepole. Lugha yake ikashuka kutoka kwenye vitabu, ikakaa chini pamoja naye. "Dada yangu, mimi leo sitii saini. Sijakataa. Nenda nyumbani. Ukipata jibu, rudi. Likiwa hapana, hapana nayo ni jibu, na hakuna atakayelijua nje ya chumba hiki."

Mama yake alikuwa amesubiri koridoni; Touria alimweleza kwenye teksi ya kurudi. Nyumbani Mahjouba alilipuka. "Umesemaje? Ulisahau neno moja? Ndiyo! Mtoto wa miaka miwili analijua!"

"Aliniuliza mimi, Mama."

"Na kwani ulitaka amwulize nani, punda?"

"Sijazoea," alisema Touria.

Ilikuwa Jumatano. Hafid alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, ametoka kwenye mashine, mkono una plasta, uso wa majivu. Alisubiri mama yao aende kuswali, kisha akasema huku akiangalia plasta:

"Mimi pia sijakuuliza."

"Wewe ni mgonjwa. Umesamehewa."

"Sikukuuliza makusudi, dada. Niliogopa jibu. Nilisema, nikinyamaza, itaenda yenyewe." Akameza mate, mate ya mtu wa glasi tatu. "Sasa nakuuliza. Unataka? Ukisema hapana, kesho nakuokea mkate wako kama kawaida. Hata ule unaoutaka umeungua chini. Mashine naijua, tunavumiliana. Walahi sitakasirika. Nitakuwa na kisirani, lakini hicho ninacho tangu zamani."

Touria aliinuka. Alipanda juu ya paa. Kule, pale dumu lilipokuwa, alikaa na kujitafuta kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia: kwa viganja, bila haraka. Radhi ya mama, aliiweka kando. Machozi ya mama, kando. Figo mbili za nani, kando. Je, baada ya hapo kulikuwa na kitu?

Zikabaki zile ngazi za ghorofa tatu.

Nani aliyempandisha? Mama alikuwa Sefrou. Hafid alikuwa kwenye tanuri. Daktari alikuwa ameshamwambia hafai, kwa mdomo wake, na teksi ilikuwa inamwita. Mlango wote ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Na yeye, Touria, mwenye magoti haya, aligeuka.

Alishuka, akamkuta Hafid bado yuko kwenye ngazi. "Sogea," alisema, akakaa. "Mkate wangu wa kesho uunguze chini. Lakini figo nakupa."

"Kwa sababu ya mama?"

"Kwa sababu nimechoka kukuona ukiitamani birika. Inaniharibia chai."

Hafid akaweka kichwa begani kwake. Walikaa hivyo mpaka mama akatoa salamu ya mwisho ya swala yake, wakajitenga haraka kama wezi.

*

Mara ya pili alikwenda na jelaba yake ya kila siku. Alimwomba mama abaki nyumbani, na Mahjouba, jambo lisilo kawaida, akabaki. Rais wa mahakama aliuliza tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani.

"Niko radhi," alisema Touria. "Mimi. Natoa figo ya kushoto, nampa Hafid, mdogo wangu. Katika elfu kumi watatu hufa, naweza kuwa mmoja wao. Katika elfu kumi thelathini figo yao moja inakuja kushindwa, badala ya wanne. Presha inaweza kupanda. Yake inaweza kufa wiki ya kwanza na nitamvumilia hivyo hivyo. Nitapimwa kila mwaka. Nimeacha vidonge vya mgongo, na nimeacha urukususu, bwana hakimu, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote."

"Na mama?"

"Radhi yake iko nyumbani, imewekwa kabatini. Nimekuja na yangu."

Rais wa mahakama akasaini. Akampa kalamu na yeye asaini. Kisha alisema kitu ambacho hakimo kwenye sheria: "Mwenyezi Mungu awarudishe wote wawili." Karani akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Figo ilitoka kwa matundu madogo na mkato mmoja chini ya tumbo. Touria aliamka na bega linamuuma, wakamwambia ni hewa waliyompuliza tumboni, itaisha. Aliuliza swali moja. Siham aliinama sikioni. "Imekojoa hapo hapo mezani. Daktari wa upasuaji imemrukia."

"Imerithi adabu za ukoo," alisema Touria, akajuta kucheka, maana kovu halipendi vichekesho.

Siku ya tatu walimruhusu kutembea mpaka chumba cha Hafid. Alikwenda hatua kwa hatua, ameshika mto tumboni. Hafid alikuwa amevaa barakoa, mashavu yana rangi ambayo Touria alikuwa ameisahau. Mbele yake palikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nesi alikuwa anamgombeza: hajafikia kiwango, anatakiwa anywe zaidi.

"Umesikia, dada?" alisema Hafid. "Ananigombeza ninywe."

Akajaza glasi. Akanywa yote bila kupumua. Akajaza ya pili. Touria alisimama mlangoni na kumtazama, na akajishangaa kwamba wa kumshukuru hakuwa mmoja. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru Daktari Lazrak aliyemzuia, na Siham aliyemfungulia mlango wa kutokea. Lakini zaidi ya wote alimshukuru yule mtu wa sauti ya taarifa ya habari, aliyefunga faili na kumrudisha nyumbani. Bila yeye angetoa figo ile ile, siku ile ile labda, na ingekuwa ya mama yake.

Kila mwaka, cheri zinapoiva, Touria hupanda teksi kwenda Fes kupimwa: presha, damu, mkojo. Hupanda zile ghorofa tatu kwa miguu, lifti hajawahi kuigusa. Mwaka wa kwanza Siham alimwuliza, kabla ya yote, "Unajisikiaje, na unataka nini?"

"Chai," alisema Touria. "Na uniulize tena mwakani."